Umetuma kwa UID ya Mtu Mwingine: Kinachorudi na Kisichorudi

"Shem, hela haijafika."

Ujumbe huo uliniingia saa tatu na dakika kumi usiku, dakika sita baada ya skrini kuniambia kwamba USDT 340 zimetumwa. Hizo zilikuwa kama shilingi 44,000 za Kenya, deni la mzigo ambao shemeji yangu alinitolea bandarini Dar. Nilifungua historia ya miamala, nikaweka namba niliyoandika kando ya ile aliyonisomea kwa sauti kwenye WhatsApp. Yake iliishia 5378. Mimi niliandika 5738. Kila kitu kingine kilikuwa sawa, na soko la kripto tulilotumia wote wawili halikuona kosa lolote. Lilimpa pesa mwenye 5738.

Kama uko mahali hapo sasa hivi, cha kwanza ni kujua umefanya muamala wa aina gani, maana huduma kwa wateja hawana uwezo sawa kwa kila muamala. Fungua historia, gusa muamala wenyewe, tazama sehemu ya TxID. Ukiona mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu, 64 kwa Bitcoin au Tron, basi sarafu zimetoka nje na kupita kwenye blokcheni. Hakuna mtu ofisini anayeweza kuzivuta. Lakini ukiona maneno kama `Internal transfer` au `Off-chain transfer` na namba fupi ya kumbukumbu, uhamisho wako ulikuwa wa ndani. Namba hiyo haitapatikana kwenye tovuti yoyote ya kufuatilia blokcheni, kwa hiyo usipoteze usiku ukiitafuta huko. Inasomeka ndani ya soko hilo tu.

Kuna mtego mmoja mdogo hapa. Baadhi ya masoko, ukinakili anwani ndefu ya pochi na anwani hiyo ikawa ya mteja wao mwingine, huupitisha muamala ndani kimyakimya ili kuepuka ada. Unadhani umetuma kwenye blokcheni, kumbe hukutuma. Ndiyo maana nasema tazama kilichoandikwa kwenye historia, usitegemee unachokumbuka kubofya.

Kwa nini mfumo ulikubali kosa lako

Anwani ya Bitcoin ina ulinzi ndani yake. Aina ya zamani, ile inayoanza na 1 au 3, hubeba baiti nne za ukaguzi zinazotokana na anwani nzima. Ukikosea herufi moja, pochi inapiga hesabu, inaona haikubali, inakataa kutuma. Kadi ya benki nayo ina tarakimu ya mwisho inayofanya kazi hiyo: ukibadilisha tarakimu moja, au ukipishanisha mbili zilizo jirani, karibu kila mara mashine inagundua.

UID kwa kawaida haina kitu hicho. Ni namba ya mteja, ya tarakimu nane au tisa hivi, na masoko makubwa yamesajili watu wengi mno. Kwa hiyo ukikosea, uwezekano ni mkubwa kwamba namba uliyoandika ina mwenyewe. Isipokuwa na mwenyewe, mfumo unakuambia mtumiaji hayupo na pesa haitoki. Hilo ndilo kosa lenye heri, na kwa bahati mbaya silo lililokuleta hapa.

Masoko mengi hukuonyesha jina la utani la mpokeaji, au jina lake likiwa limefichwa nusu kwa nyota, kabla hujathibitisha. Hufanya kazi ya Hakikisha ya M-Pesa, lakini kwa udhaifu: M-Pesa hukuonyesha jina linalosomeka, huku kwenye kripto unaona kitu kama `Us***88`. Mimi niliona kitu cha namna hiyo, nikadhani ni jina la utani la shemeji. Nilikuwa na haraka.

Kama ni mstari tu kwenye daftari, si waufute?

Swali hili kila mtu huliuliza, na ni swali la haki. Soko la kripto huweka sarafu za wateja kwenye pochi zake lenyewe. Haki yako ni mstari kwenye daftari lao. Unapotuma kwa UID hakuna sarafu inayosogea popote: mstari wako unapunguzwa 340, mstari wa mwingine unaongezwa 340. Ndiyo maana ni bure au karibu na bure, na inachukua sekunde. Kwa upande wa mitambo, kugeuza hesabu hiyo ni jambo dogo.

Kinachowazuia ni kitu kingine. Chukulia kwamba hukukosea. Chukulia ulinunua simu kwa mtu mtaani Luthuli, ukamlipa USDT 340 kwa UID yake, akakukabidhi simu, ukaondoka. Usiku unawaandikia: nilikosea tarakimu, nirudishieni. Maneno yako yatakuwa yaleyale niliyoandika mimi. Soko halikuona simu, halikusikia makubaliano, halina risiti. Linachoona ni kwamba mteja mmoja alibofya thibitisha na mteja mwingine akapokea. Wakianza kufuta kwa neno la mtumaji peke yake, hakuna mfanyabiashara atakayekubali kulipwa kwa njia hiyo tena. Ndiyo maana masharti uliyokubali siku ya kufungua akaunti yanasema usahihi wa namba ya mpokeaji ni jukumu lako.

Tena usidhani soko lenyewe hukwepa adhabu hii likikosea. Mei 2021 Crypto.com ilikusudia kumrudishia mteja wa Australia dola 100. Aliyeshughulikia malipo akaandika namba ya akaunti kwenye nafasi ya kiasi, zikatoka dola za Australia milioni 10.5. Kosa liligunduliwa Desemba mwaka huohuo, na kufikia wakati huo pesa zilikuwa zimekwisha kutoka kwenda benki, na sehemu yake ilitumika kununua nyumba. Kampuni ililazimika kwenda Mahakama Kuu ya jimbo la Victoria. Ule haukuwa uhamisho wa ndani kama wangu, lakini unaonyesha mpaka ulipo: pesa ikishatoka nyumbani, hata mwenye nyumba huitafuta kwa wakili.

Sasa, wanachoweza. Kama uhamisho bado umeshikiliwa kwa ukaguzi wa usalama, wanaweza kuusitisha, na mara nyingine wewe mwenyewe una kitufe cha kughairi. Kama ulituma kwa barua pepe au namba ya simu ambayo haijasajiliwa, baadhi ya masoko huishikilia pesa kwa muda uliowekwa, na asipojitokeza mtu kuidai, inarudi yenyewe. Kama kosa ni la mfumo wao, kwa mfano ulituma mara moja na daftari likakata mara mbili, wanalisahihisha bila kumuomba mtu ruhusa. Na katika kisa cha kawaida kama changu wanaweza kufanya jambo moja ambalo wewe huwezi: kumwandikia mwenye akaunti ile, kumweleza kwamba mtumaji anadai amekosea, na kumuuliza kama anaridhia kurudisha. Akiridhia na salio likiwepo, wao hurudisha au humwelekeza jinsi ya kurudisha.

Hawatakupa jina lake, simu yake wala nchi aliyoko. Hapo usibishane nao. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022 zikiwemo, zinamlinda yeye kama zinavyokulinda wewe. Hawatachukua salio lake bila ridhaa yake au amri yenye nguvu ya kisheria. Na kama ameshazitoa nje, au ameziuza akapokea shilingi, hakuna kitu kilichobaki cha kurudisha hata wakitaka.

Ukiwa umezoea M-Pesa, yote haya yatakuudhi. Kenya unasambaza ujumbe wa muamala kwenda 456 na Safaricom wanaanza kushughulikia urejeshaji. Kwenye kripto hakuna 456. Kuna tiketi, na tiketi ina namna yake ya kuandikwa.

Tiketi

Tiketi yangu ya kwanza niliiandika kwa hasira. Nilisema: nimetuma kwa mtu nisiyemjua, futeni muamala huu mara moja. Kesho yake mchana, saa kumi na nne baadaye, nikapata jibu la kunakiliwa kwamba miamala iliyokamilika haifutwi, na tiketi ikafungwa. Walijibu nilichouliza. Niliomba kile wasichoweza, wakaniambia hawawezi.

Ya pili niliiandika hivi, na ndiyo ninayokushauri uige:

"Tarehe na saa hii nilituma USDT 340 kwa uhamisho wa ndani, kumbukumbu ya muamala ni hii. UID niliyokusudia inaishia 5378. Niliyoandika inaishia 5738. Tarakimu mbili zimepishana. Simjui mwenye akaunti iliyopokea na sina biashara naye. Naelewa kwamba hamuwezi kufuta muamala bila ridhaa yake. Naomba muwasiliane naye kwa niaba yangu, mumwombe arudishe kwenye UID yangu ileile iliyotuma. Nimeambatisha historia inayoonyesha malipo matatu ya awali kwenda UID sahihi."

Angalia vitu viwili humo. Kwanza namba mbili zimewekwa pamoja, na afisa anaona kwa macho yake kwamba zimepishana tarakimu. Hiyo ina uzito kuliko kurasa mbili za maelezo. Ungekuwa umetuma kwa UID isiyofanana hata kidogo na uliyokusudia, angekuwa na sababu ya kushuku biashara iliyoharibika. Pili ni historia ya malipo ya nyuma kwa mtu sahihi. Kama unayo, iambatishe. Kama huna, ambatisha mazungumzo ambamo mpokeaji wako alikutumia UID yake, skrini nzima, saa ikionekana.

Kama kwenye programu kuna njia ya mazungumzo ya papo kwa papo, anzia hapo ili upate namba ya tiketi mapema, kisha jaza fomu kwa utulivu. Saa za mwanzo ndizo zenye thamani, kwa sababu mpokeaji anaweza kuzitoa wakati wowote. Lakini usifungue tiketi tano. Huwa zinaunganishwa, na unaishia kurudishwa nyuma ya foleni.

Kuna ushauri mmoja unaozunguka vijiweni ambao lazima niupinge: sema umedukuliwa, watashughulika haraka. Ni kweli watashughulika haraka. Watafunga akaunti yako kwanza, waanze kuuliza nani aliingia, kwa kifaa gani, kutoka wapi. Rekodi zao zitaonyesha kwamba ni simu yako, mtandao wako wa kila siku, na msimbo wa uthibitisho ulioingizwa na wewe mwenyewe. Ukishakamatwa na uongo, ombi lako la kweli nalo limekufa, na salio lililobaki liko kifungoni.

Jambo jingine la kuangalia ni wale mawakala wa P2P. Muamala wa P2P una amana: sarafu za muuzaji hushikiliwa hadi athibitishe kwamba amelipwa, na kuna dawati la malalamiko. Lakini kama mlikubaliana mkwepe oda, umtumie moja kwa moja kwa UID, dawati hilo halina oda ya kufungua. Kwao hakuna kilichotokea.

Wakati unasubiri

Ukitaja kisa chako kwenye kundi la Telegram, ndani ya saa moja atakuja mtu mwenye nembo ya soko lako kwenye picha yake, akisema yeye ni afisa wa urejeshaji. Atataka ada, au maneno ya siri ya pochi, au uunganishe akaunti yako na kiungo fulani. Afisa wa kweli hukujibu ndani ya tiketi na hadai USDT 20 za kuharakisha. Waliopoteza mara mbili ninaowajua wote walipotezea hapa mara ya pili.

Baadhi ya masoko yanakuruhusu kuweka ujumbe mfupi kwenye uhamisho. Unaweza kumtumia mpokeaji yule kiasi kidogo sana chenye neno: samahani, nilikosea namba, tafadhali wasiliana na huduma kwa wateja. Fanya mara moja tu, na usiweke kiungo wala namba ya simu. Ukiweka utafanana na tapeli, naye atakuripoti.

Kuhusu polisi: kwa 340 mimi sikwenda, ila kwa kiasi kikubwa ningekwenda siku ileile. Kenya, sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 inamtia hatiani mtu anayezuia kwa makusudi malipo ya kielektroniki yaliyomfikia kwa makosa. Unaandikisha, unapewa namba ya OB. Tanzania ni namba ya RB. Namba hiyo peke yake hairudishi kitu, na huduma kwa wateja hawatafungia akaunti ya mtu kwa sababu umewatumia picha ya karatasi. Inachofanya ni kumwezesha mpelelezi kuliandikia soko rasmi. Masoko makubwa yana njia maalumu ya kupokea maombi ya vyombo vya dola, na ombi likipitia huko linaweza kuzuia salio la mpokeaji kwa muda na kutoa taarifa zake kwa mpelelezi, wala si kwako. Ugumu huja pale mpokeaji anapokuwa nchi nyingine. Hapo karatasi husafiri polepole kuliko sarafu.

Na kuna uwezekano ambao watu hawaufikirii: akaunti iliyopokea imelala. Mwenyewe aliifungua miaka kadhaa iliyopita na haifungui tena, barua pepe aliyosajilia hasomi. Pesa zako ziko pale, hakuna aliyezila, na bado hazirudi, maana kimya hakihesabiwi kuwa ridhaa. Kilichobaki hapo ni kuomba tiketi iendelee kuwa wazi na kuwakumbusha kila baada ya wiki mbili hivi, kwa namba ileile.

Yangu ilichukua siku tisa. Siku ya tatu waliniambia wamemwandikia. Siku ya sita, hakuna jibu. Siku ya tisa asubuhi USDT 340 ziliingia, zote, kutoka UID ile inayoishia 5738, na afisa akaniandikia kwamba mpokeaji aliziona tangu usiku uleule na hakuzigusa kwa kuogopa kwamba ni mtego.

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Kuna utapeli ambao mtu hukuingizia pesa ya wizi, kisha anakuja mwingine kukuomba "uzirudishe" kwenye akaunti tofauti. Ukirudisha, mwenye pesa halisi anakudai wewe. Kwa hiyo siku ukiwa wewe ndiye uliyepokea zisizo zako, usimjibu anayekufuata pembeni. Fungua tiketi, sema zimeingia kwa kumbukumbu fulani, na kama ni kurudisha, rudisha kwenye UID ileile zilikotoka.

Shemeji sasa hanisomei namba tena kwa sauti. Alinitumia msimbo wa QR wa akaunti yake, nikaskani, nikaihifadhi kwenye orodha ya wapokeaji kwa jina lake. Hata hivyo, mzigo ukiwa mkubwa natanguliza USDT 2. Anaangalia, ananiandikia "imeingia", na hapo ndipo natuma zilizobaki.